Hedhi imekoma tangu niwekwe kitanzi cha homoni. Damu inakwenda wapi?

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Tangu nimzae wa pili, hedhi yangu ilikuwa mateso: siku nane, tatu za mwanzo nabadilisha pedi kila saa, usiku naamka kufua shuka. Wingi wa damu ulishuka hadi 8.1. Ultrasaundi haikuonyesha uvimbe wowote. Daktari akanishauri kitanzi cha homoni, kile cha miligramu 52, na nikawekwa miezi 14 iliyopita.*

*Miezi minne ya kwanza nilikuwa natoka matone matone karibu kila siku. Baadaye hedhi ikawa nyepesi, na huu ni mwezi wa tano sijaona kitu. Nilifurahi, damu yenyewe imepanda hadi 12.3. Lakini mama mkwe anasema damu chafu inajikusanya tumboni, na kwamba hizi ni dawa mpya tunazojaribiwa nazo. Rafiki yangu anasema hedhi ikikoma katika umri wangu mifupa inaliwa. Mume wangu hasemi mengi, ila ameshaniuliza mara mbili kama yule mtoto wa tatu tuliyempanga baada ya miaka miwili bado atawezekana. Kila mwezi napima mimba kwa siri.*

*Ajabu ni kwamba matiti yananiuma siku chache kila mwezi kama zamani, ila damu haiji. Nyuzi za kitanzi nilikuwa nazigusa, mwezi uliopita nikazikosa, labda kidole changu hakifiki.*

*Nimepangiwa kwenda kukitoa Jumanne ya wiki ijayo. Silali. Nikitoe au nikiache?*

*Mama wa Wawili*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi, na pole zaidi kwa ile miaka ya kufua shuka usiku, maana naona umeitaja kwa haraka kana kwamba ilikuwa jambo dogo. Mimi nimekuwa mkunga, kisha muuguzi wa uzazi wa mpango, na wanawake wenye 8.1 nimewaona wakipumzika mara mbili kwenye ngazi moja. Kwa hiyo sitalizungumzia suala la kitanzi kana kwamba kabla yake ulikuwa mzima.

Katika barua yako kuna jambo moja lililonishtua kidogo, nalo si lile linalokunyima usingizi. Nitalifikia. Kwanza niruhusu nikuulize kitu kuhusu hiyo damu inayosemekana kujikusanya: nani amekwambia kwamba ilitengenezwa?

Swali hili nalileta kwa sababu wengi wetu tulilelewa tukiamini hedhi ni taka, kwamba mwili unajisafisha kila mwezi na taka isipotoka inabaki. Mwili haujisafishi kwa njia hiyo. Kazi ya kuondoa taka katika damu ni ya figo na ini, na wanaume, ambao hawaoni hedhi maisha yao yote, nao wana figo na ini. Hedhi ni tandiko. Kila mwezi kizazi hutandika kitanda kwa ajili ya mimba ambayo huenda ikaja. Ovari hutoa homoni ya estrojeni, na kwa amri yake utando wa ndani wa kizazi hukua, ukajaa tezi na mishipa midogo ya damu, ukafika unene wa milimita 10 hivi au zaidi. Yai likishatoka, ovari huongeza homoni ya pili, projesteroni, ambayo husimamisha ule ukuaji na kuliweka tandiko tayari. Mgeni asipokuja, baada ya kama wiki mbili projesteroni huporomoka. Mishipa ile midogo hujikaza, utando hukosa damu, humeguka na kutoka. Unachokiona kwenye pedi ni tandiko lililokunjwa: damu, vipande vya utando na ute. Kwa mwanamke wa kawaida damu yenyewe huwa mililita 30 hadi 40 kwa hedhi nzima. Zaidi ya 80 tunaihesabu kuwa nyingi, na kwa ulivyosimulia sina shaka wewe ulikuwa ukizipita.

Sasa hicho kitanzi. Ni plastiki yenye umbo la herufi T, na katika kiwiliwili chake kuna dawa iitwayo levonojestreli, ambayo ni ndugu wa projesteroni aliyetengenezwa maabara. Mwanzoni hutoa kama maikrogramu 20 kwa siku, na kiasi hicho hupungua pole pole kadiri miaka inavyokwenda. Ili upate picha, vidonge vingi vya majira vyenye dawa hiyo hiyo huwa na maikrogramu 100 hadi 150 kwa siku, tena hizo humezwa zikazunguka mwili mzima. Kitanzi kinaishi ndani ya kizazi, hivyo dawa inalowesha utando ulio jirani yake, na kiwango chake pale huwa mara mia kadhaa ya kile kinachopatikana kwenye damu ya mkononi.

Utando ukiloweshwa hivyo siku baada ya siku, hupoteza vile vipokezi vyake vya estrojeni. Nikisema kwa lugha ya nyumbani, unakuwa kiziwi. Ovari inaendelea kupiga hodi, estrojeni inaendelea kufika, lakini utando hausikii amri ya kukua. Tezi zake husinyaa, nao hubaki mwembamba wa milimita chache tu. Mwisho wa mwezi, projesteroni yako ya asili inaposhuka, hakuna tandiko la kukunja. Ndiyo maana sikubaliani na neno kujikusanya. Hakuna kilichozuiwa kutoka, kwa kuwa hakuna kilichotandikwa.

Mama mkwe asionekane kichekesho, hata hivyo. Damu kujikusanya kizazini ni jambo lipo kweli, na huenda aliwahi kuliona au kulisikia. Hutokea njia inapoziba, kwa mfano shingo ya kizazi ikishikana kwa kovu. Lakini mwenye hali hiyo haishi kwa raha kama wewe. Kila mwezi tumbo la chini humkata, kila mwezi zaidi ya uliopita, na ultrasaundi huonyesha kizazi kimetuna kwa majimaji. Ute wa shingo ya kizazi chako umekuwa mzito, ndiyo, na hiyo ni njia kuu ya kitanzi kuzuia mbegu zisipande, lakini ute si kizibo cha chupa: hauzuii damu kushuka. Wakati wa yale matone matone ya miezi minne, si yalikuwa yakipita hapo hapo?

Na kuhusu matone yale, nasikitika kama hakuna aliyekueleza mapema. Utando haugeuki kiziwi kwa siku moja. Katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza unasinyaa bila mpangilio, na mishipa ya juu juu inakuwa dhaifu, inavuja hapa na pale. Mwanamke asiyejua huona ndiyo mambo yanaharibika, akakitoa mwezi wa tatu, pengine wiki chache kabla ya kuanza kufaidi. Wewe ulivumilia. Kufika mwaka mmoja, katika kila wanawake watano wenye kitanzi cha miligramu 52, mmoja hivi huwa haoni hedhi kabisa, na wengi wa waliobaki huona kidogo tu. Vipo vitanzi vidogo zaidi, vya miligramu 19.5 na 13.5, ambavyo humwachia mwanamke hedhi mara nyingi zaidi kwa sababu dawa ni chache. Kwa hiyo hali yako imo ndani ya yale yanayotarajiwa. Wala si dawa mpya: kitanzi hiki kilianza kutumika Ufini mwaka 1990, na mabinti waliozaliwa mwaka huo sasa ni watu wazima wenye kuwekwa vitanzi vyao wenyewe.

Hapa nije kwa rafiki yako na mifupa, kwa sababu hofu yake ina mantiki, ila ameifikisha kwenye nyumba isiyo yake. Hedhi kukoma ni dalili moja yenye sababu nyingi, na kinachotofautisha sababu hizo ni kile ovari inachofanya wakati huo. Mwanamke aliyekonda kupita kiasi, au anayefanya mazoezi makali bila kula vya kutosha, ovari yake hunyamaza. Estrojeni hushuka, na mifupa inayoitegemea hudhoofika kweli. Mwanamke aliyefika umri wa kukoma hedhi naye ovari zimestaafu, estrojeni imepungua, mifupa inapungua pia. Yuko wa tatu, mwenye ovari zenye vifuko vingi, ambaye mayai yake hayapevuki kwa mpangilio. Huyo estrojeni anayo, lakini projesteroni hana, hivyo tandiko linazidi kunenepa miezi na miezi bila kukunjwa. Kwake kukosa hedhi ni jambo la kufuatilia, kwa sababu utando unaonenepa hivyo unaweza kugeuka kuwa saratani.

Wewe ni wa nne. Ovari zako ziko kazini, estrojeni yako iko katika kiwango cha kawaida, utando tu ndio uliotiwa uziwi. Kwa watumiaji wa kitanzi hiki mayai huendelea kupevuka katika mizunguko mingi, hasa baada ya mwaka wa kwanza. Ushahidi umeuandika mwenyewe bila kujua: matiti yanayouma siku chache kila mwezi. Maumivu ya aina hiyo huja na kupanda na kushuka kwa homoni za ovari. Ovari zilizostaafu hazina ratiba ya mwezi. Ungekuwa unaelekea kukoma hedhi kweli, ningetarajia uniandikie kuhusu joto la ghafla kupanda kifuani na usoni, jasho la usiku, na ukavu ukeni. Nadhani rafiki yako amechanganya kitanzi na sindano ya miezi mitatu. Sindano hiyo huzinyamazisha ovari, na mifupa hupungua kidogo wakati inatumika, kisha hurejea ikiachwa. Dalili yao ya nje inafanana, hedhi hakuna, lakini ndani ni vitu viwili mbalimbali. Na utando uliosinyaa hauko hatarini kama ule unaonenepa. Kitanzi hiki hiki hutumiwa kama tiba ya utando ulioanza kunenepa vibaya.

Si kwamba hakina madhara. Wapo wanaopata chunusi, kichwa kuuma, au mabadiliko ya hisia ambayo mwenyewe huyatambua kabla ya daktari. Ovari inaweza kufanya uvimbe wa maji, ambao kwa kawaida huyeyuka wenyewe. Na mtu mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuipata, hawekewi. Kama kuna lolote kati ya hayo ambalo hukuliandika kwa kuona haya, lina uzito katika uamuzi wako kuliko suala la damu.

Sasa lile lililonishtua. Nyuzi.

Umelitaja mwishoni, nusu sentensi, ukamlaumu kidole. Inawezekana kabisa kidole ndicho chenye makosa. Shingo ya kizazi hupanda na kushuka kulingana na siku na mkao, na nyuzi hulainika, zikajizungusha nyuma yake au zikapanda kidogo ndani ya mlango. Katika wanawake niliowapokea wakilia kwamba nyuzi zimepotea, sehemu kubwa tulizikuta pale pale. Lakini uwezekano mwingine upo, nao ni mitatu: kitanzi kimetoka bila wewe kujua, kimesogea, au una mimba na kizazi kinachokua kimezivuta juu. Kutoka chenyewe hutokea kwa takriban mwanamke mmoja katika 20, mara nyingi katika miezi ya mwanzo. Kutoboa kizazi na kuingia tumboni ni nadra zaidi, mmoja au wawili katika 1,000, na hatari hiyo huwa kubwa kwa anayewekwa akiwa ananyonyesha au akiwa na miezi michache tu tangu ajifungue.

Kuna kitu kinanipa moyo kuhusu wewe. Kitanzi kikitoka, uziwi wa utando huisha haraka, na hedhi kwa kawaida hurudi katika wiki chache. Kwako haijarudi. Maana yake ama kitanzi bado kinafanya kazi yake, ama kimetoka na mimba imeingia. Hiyo ndiyo sababu kipimo cha mimba, ambacho mwezi baada ya mwezi umekuwa ukikitumia kwa hofu isiyo na msingi, safari hii kina kazi halisi. Pima asubuhi ya kesho. Ukiwa na kitanzi mahali pake, uwezekano wa mimba ni kama wanawake wawili katika 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo sitarajii kuona mistari miwili. Ila ikitokea, usingoje Jumanne, nenda siku hiyo hiyo. Mimba inayoingia licha ya kitanzi, karibu nusu ya mara huwa imetunga nje ya kizazi, na hiyo inaweza kupasua mrija ikamwaga damu tumboni. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu cha kuzimia, au maumivu ya ncha ya bega ni safari ya hospitali hata kama ni usiku wa manane.

Kipimo kikiwa safi, tumia kondomu mpaka nyuzi zionekane. Hapo kliniki wataingiza kifaa cha kufungulia uke na kutazama. Zisipoonekana, huingiza kiburashi chembamba kwenye mlango wa kizazi na kukizungusha, na mara nyingi nyuzi hutoka zimeshikana nacho. Ikishindikana, ultrasaundi. Kikionekana kizazini mahali pake, basi kipo, kinafanya kazi, na hukosi chochote isipokuwa nyuzi za kukivutia siku ya kukitoa, kazi ambayo ina vifaa vyake. Kisipoonekana kizazini, usikubali kuambiwa papo hapo kwamba kilishadondoka. Omba eksirei ya tumbo na nyonga, maana plastiki hiyo imetengenezwa ionekane kwenye eksirei. Kikiwa tumboni kitatolewa kwa upasuaji wa tundu dogo. Eksirei ikiwa tupu, hapo ndipo tunasema kimetoka. Nimeona mwanamke aliyeambiwa kimeanguka, akawekewa cha pili, na miaka baadaye picha ikaonyesha viwili.

Tukishajua kilipo, ndipo turudi kwenye swali lako la kukitoa au kukiacha, na hapo sitakuamulia.

Ukikiacha, unaendelea na kile ulichonacho: damu ya 12.3, usingizi usio na shuka za kufua, na kinga ya mimba. Kwa kuzuia mimba, kitanzi cha miligramu 52 kimekubaliwa kukaa hadi miaka 8, kwa hiyo hakuna saa inayokukimbiza. Gharama yake ni kwamba hutakuwa na ile hedhi ya kukuthibitishia kila mwezi kuwa huna mimba, na wapo wanawake ambao utulivu wao umefungamana na uthibitisho huo. Sisemi ni udhaifu. Kama hata baada ya kuelewa yote haya utaendelea kupima kila mwezi moyo ukidunda, hilo ni dhara la kitanzi kwako kama kichwa kuuma kulivyo dhara kwa mwingine. Jiulize pia kama ile furaha ya mwanzo, kabla hujaambiwa chochote na mtu, imekwisha au imefunikwa.

Ukikitoa, jiandae kwa hedhi kurudi, pengine ndani ya mwezi, na kwa kuwa hatukuwahi kukuta uvimbe wa kuondoa, sioni sababu ya kudhani itarudi ikiwa mpya. Fikiria hesabu ndogo hii. Kila mililita 2 za damu nzuri hubeba kama miligramu 1 ya chuma. Utumbo wako kwa kawaida hunyonya miligramu 1 hadi 2 kwa siku kutoka kwenye chakula, nayo yatosha kufidia hedhi ya mililita 40. Ukipoteza 120 kila mwezi, zinakwenda miligramu 60 kwa hedhi peke yake, na mwili una matumizi mengine pia. Ndivyo ulivyofika 8.1, taratibu, bila ajali yoyote. Kwa hiyo ukikitoa, nenda na jibu la swali la daktari: kutokwa damu nyingi tutakushughulikia kwa njia gani sasa? Kuna dawa ya kupunguza damu inayomezwa siku za hedhi tu, kuna vidonge vya majira kama huna kizuizi cha presha au cha kuganda damu. Kitu kimoja ningekuomba usikirukie bila kufikiri ni kubadilishiwa kitanzi cha shaba. Hakina homoni, hedhi utaiona, lakini shaba huongeza damu, nawe ndiye wa mwisho anayeihitaji kuongezwa.

Kuna na njia ya kati, kile kitanzi kidogo chenye dawa pungufu. Uwezekano wa kuona hedhi ni mkubwa zaidi, ila kwa wenye damu nyingi kama wewe cha miligramu 52 ndicho kilichothibitishwa kuitibu. Unaweza kupata hedhi ya kukutuliza moyo, na unaweza pia kupata hedhi isiyotulia.

Kama utaamua ni Jumanne, lipo jambo ambalo kliniki nyingi husahau kulisema kwa mtu asiyeona hedhi. Mbegu za mwanamume huishi ndani ya mwanamke hadi siku tano. Kitanzi kikitoka leo na mlikutana juzi bila kondomu, kinga imeondoka, mbegu zimo bado, na yai linaweza kuwa njiani, maana ovari zako zinafanya kazi. Kwa hiyo kondomu, au kutokutana, kwa siku saba kamili kabla ya kukitoa. Kama umeisoma barua hii ukiwa umeshachelewa kuhesabu saba, sogeza tarehe siku chache mbele. Hakuna ubaya.

Kwa mume wako jibu ni fupi. Kitanzi hakiweki dawa akiba mwilini. Kikishatoka uzazi hurejea, na katika wanawake wanaotafuta mtoto baada ya kukitoa, karibu wanane katika kumi hupata mimba ndani ya mwaka, sawa na wanawake wengine. Hana haja ya wewe kukitoa miaka miwili kabla ili mwili upumzike. Ningependa hata aje nawe Jumanne alisikie mwenyewe, kwa sababu nahisi maswali yake mawili hayakuwa malalamiko. Ni mtu ambaye hajui aulize nini. Na kule kupima kwa siri, mwanangu, mbona siri? Yeye naye ana hisa katika jibu.

Mama mkwe sitakwambia umjibu nini. Wewe ndiye unayemjua. Wengine huridhika wakielezwa habari ya tandiko, wengine hawatataka kusikia mazungumzo hayo kutoka kwa mkwe, na hapo kunyamaza si dhambi. Ila kumbuka yeye hakuwa anakuona usiku ukifua.

Jumanne, uende kutoa ama kuangaliwa tu, beba ile kadi uliyopewa siku ya kuwekwa. Ina tarehe na aina ya kitanzi, na atakayekupokea akiisoma kwanza hatakuchanganya na mwenye cha shaba. Kadi ikiwa imepotea, mwambie kwa mdomo: miligramu 52, miezi 14, mwezi wa tano bila hedhi, nyuzi sizipati. Anza na nyuzi.